Picha ya pakiti imeingia kwenye simu: kumtafsiria viambato mtu mwenye mzio

Ujumbe uliingia saa mbili usiku. "Shikamoo dada. Mjomba wake wa Ujerumani katuletea boksi la biskuti. Mtoto ana mzio wa maziwa na wa karanga. Picha hiyo hapo. Tumpe, tusimpe?" Picha yenyewe ilikuwa moja tu, imepigwa chini ya taa ya sebuleni. Pakiti ilikuwa imekunjamana, mng'ao mweupe umekaa kulia, na kidole gumba kimeziba mwanzo wa mstari wa tatu.

Mimi hutafsiri Kijerumani, na picha za aina hii naletewa mara kwa mara, kwa sababu mabegi ya ndugu wanaorudi nyumbani hayakosi biskuti na chokoleti. Nitaeleza ninavyofanya, hatua kwa hatua, nikiifuata pakiti hiyo moja. Mtafsiri wa Kituruki au Kifaransa atabadilisha maneno ya lebo tu, njia ni ileile.

Swali la "tumpe, tusimpe" silijibu, na humwambia mtu tangu mwanzo. Mama na daktari wa mtoto ndio wanaojua mzio wake ulivyo: kama ni vipele mdomoni au ni kifua kubana, kama huguswa na chembe au mpaka ale kipande kizima. Mimi najua kilichoandikwa kwenye pakiti, na hicho ndicho ninachompa, pamoja na mahali niliposhindwa kusoma.

Na kama mtoto amekwisha kula, akaanza kuvimba midomo au kupumua kwa shida, hakuna cha kutafsiri. Ni hospitali saa hiyohiyo, na pakiti iende naye.

Hatua ya kwanza: omba picha nyingine

Usianze na picha ya kwanza, hata ukiona inasomeka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, inayosimamia lebo za vyakula huko, inaruhusu herufi zenye kimo cha milimita 1.2 tu, kikipimwa kwa herufi kama "x". Pakiti ndogo sana zinaruhusiwa kushuka mpaka milimita 0.9. Herufi ya kimo hicho, ikipigwa picha kwa mkono unaotikisika, huacha 3 na 8 vikifanana. Kwenye orodha ya viambato, tarakimu moja ni kitu kingine kabisa.

Huwa naandika hivi: "Toa biskuti, ilaze karatasi mezani uinyooshe. Kaa karibu na dirisha mchana, usiwashe flashi. Piga mbele ya pakiti, halafu upande wa viambato mara tatu, kila picha ichukue theluthi moja na iingiliane kidogo na inayofuata. Nitumie kama dokumenti." Hilo la mwisho lina sababu yake. WhatsApp huibana picha ili iende haraka, na kinachopotea kwanza ni kingo za herufi ndogo. Ikienda kama dokumenti, inafika kama ilivyotoka kwenye kamera.

Nasisitiza iwe picha ya pakiti iliyoko mkononi mwao. Watu hunitumia picha waliyoitoa mtandaoni ya "biskuti hizohizo", lakini kiwanda hubadilisha mapishi bila kubadilisha rangi ya pakiti, na biskuti ya jina moja huweza kuwa na viambato tofauti nchi na nchi.

Hakikisha picha zimebeba mambo matatu: neno linaloanzisha orodha, ambalo kwa Kijerumani ni "Zutaten", nukta inayoifunga orodha, na sentensi yoyote iliyo chini ya nukta hiyo. Sentensi hiyo ya chini ndiyo hukatwa zaidi kwenye picha, na ndiyo mara nyingi imebeba karanga.

Hatua ya pili: nakili kabla ya kutafsiri

Nakili orodha yote kwa lugha yake, herufi kwa herufi, mstari kwa mstari kama ulivyo kwenye pakiti. Nilivyonakili picha ile ya kwanza, nilipata hivi:

```
Zutaten: WEIZENMEHL, Zucker, Palmöl, HASELNÜSSE 8 %,
fettarmer Kakao, Glukosesirup, [???]
[???]KENPULVER, Salz, Emulgatoren: Lecithine (SOJA),
Mono- und Diglyceride von Speisefettsäuren;
Backtriebmittel: Ammoniumhydrogencarbonat; Aroma.
Kann Spuren von ERDNÜSSEN, anderen SCHALENFRÜCHTEN
und EI enthalten.
```

Alama za kuuliza zinakaa pale ambapo jicho halikuona. Hapa kishawishi huwa kikubwa. Anayejua Kijerumani akiona "KENPULVER" anajua ni unga wa kitu fulani, na akili inamkimbiza kulijaza pengo. Usilijaze bado.

Lakini liangalie vizuri, maana limeandikwa kwa herufi kubwa. Kanuni niliyoitaja inavitaja vyakula 14 vinavyosababisha mzio, na inataka kila kimojawapo kijitokeze ndani ya orodha kwa mwandiko ulio tofauti na maneno mengine: herufi nzito, herufi kubwa au rangi ya nyuma. Ngano, hazelnati na soya vimejitokeza kwa herufi kubwa. Sukari, chumvi na kakao havikujitokeza. Basi hiki kisichosomeka nacho ni kimoja kati ya vile 14. Kabla sijajua jina lake nilikwisha jua kwamba ndicho kiambato cha kutafutwa kuliko vyote.

Ndiyo maana siziamini sana programu za simu zinazotoa maandishi kwenye picha. Nazitumia kupunguza kazi ya kuchapa, halafu napitia kila neno na picha ikiwa kando. Nyingi huondoa herufi nzito, na dalili ile inapotea. Herufi ß huigeuza B. Na neno lililokatwa mwisho wa mstari kwa kistari huliacha vipande viwili, kiasi kwamba ukitafuta neno zima ndani ya maandishi hulipati.

Picha mpya zilikuja asubuhi. Mstari wa pili ulimalizikia na "SÜSS-", na wa tatu ulianza na "MOLKENPULVER". Ukiunganisha unapata "SÜSSMOLKENPULVER".

Kuna njia nyingine ya kuhakiki, na haigharimu kitu. Pakiti nyingi za Ulaya hubeba orodha hiyohiyo kwa lugha mbili au tatu. Kwenye pakiti hii kulikuwa na Kifaransa, na mahali palepale pameandikwa "lactosérum en poudre", kitu kilekile. Ukiona lugha moja imetaja kiambato ambacho nyingine haikukitaja, usichague unayoipenda. Andika kwamba orodha mbili hazilingani, na useme zinatofautiana wapi. Chunga pia usiuchanganye mwisho wa orodha ya lugha moja na mwanzo wa nyingine, hasa pale picha ilipokata.

Hatua ya tatu: tafuta mzio wa mtoto kwa majina yake yote

Maziwa kwa Kijerumani ni "Milch", lakini mama aliyeambiwa atafute neno hilo peke yake kwenye pakiti hii asingeliona popote. Hata hivyo maziwa yamo. "Molke" ni yale maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kutengeneza jibini, na protini za maziwa zimo ndani yake. Yakikaushwa yanakuwa "Molkenpulver". Hilo "süß" la mbele maana yake ni tamu, lakini usiandike "unga mtamu", kwa sababu halihusu sukari. Linaonyesha tu namna maziwa yalivyogandishwa.

Majina mengine ya maziwa ninayoyatafuta kwenye lebo za Kijerumani ni "Magermilchpulver", unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta, "Butterreinfett", ambayo ni samli, "Sahne", krimu, "Kasein", protini ya maziwa, "Milchzucker" au "Laktose", sukari ya maziwa. Kwa lebo za Kiingereza, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, wa kuangaliwa ni "whey", "casein" na "caseinate". Haya matatu hayana neno maziwa ndani yake, na ndiyo yanayowapita watu.

Kuna maneno yanayokosesha kwa upande wa pili. "Kakaobutter" si siagi, ni mafuta ya mbegu ya kakao. Usiandike "siagi ya kakao", maana mama ataona siagi. "Milchsäure" nayo, ukiitafsiri neno kwa neno, ni asidi ya maziwa. Niliwahi kuletewa picha ya chupa ya zeituni yenye neno hilo, na mwenye mzio alikuwa ameshaiweka kando. Ni kitia uchachu, E 270, na viwandani kwa kawaida hupatikana kwa kuchachua sukari. Naandika "asidi laktiki, E 270" na kuongeza maelezo kwamba neno maziwa ni la jina tu. Tena kanuni ya Ulaya ingedai maziwa yatajwe kama yangekuwa ndiyo chanzo.

Neno "laktosefrei" lina hatari kuliko yote hayo. Linasema sukari ya maziwa imeondolewa, basi. Mtu anayeharisha au kujaa gesi kwa sababu tumbo lake haliivunji sukari hiyo, linamfaa. Mtoto mwenye mzio wa maziwa hupambana na protini, na protini imebaki palepale. Nikiliona neno hilo upande wa mbele wa pakiti, nalitafsiri na sentensi nzima: "Haina laktosi. Bado ni bidhaa ya maziwa."

Wenye mzio wa mayai nao wana neno lao la kuwatesa: "Eiweiß". Ukilivunja unapata yai na nyeupe. Kwenye jedwali la virutubisho, ambalo pakiti nyingi zinalo, "Eiweiß 6,5 g" ni protini, ya aina yoyote. Ndani ya orodha ya viambato, "Hühnereiweiß" ni ute mweupe wa yai kwelikweli, na "Milcheiweiß" ni protini ya maziwa. Neno moja lina maana tatu, na kinachokwambia maana ipi ni mahali lilipokaa kwenye pakiti.

Hatua ya nne: angalia Kiswahili chako

Makosa yangu mabaya nimeyafanya upande huu, kwenye lugha niliyozaliwa nayo.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuta "Schalenfrüchte" nikaandika "matunda yenye maganda". Nililivunja neno likavunjika vizuri kabisa, kumbe nimemwambia mtu ajihadhari na machungwa. Neno hilo la lebo ni jina la kundi zima: lozi, hazelnati, jozi, korosho, pikani, njugu za Brazili, pistachio na makadamia. Kiswahili hakina jina moja la kundi hilo ambalo muuza duka na nesi watalielewa sawasawa. Kwa hiyo siku hizi sitafuti neno moja. Naandika "korosho, lozi, hazelnati na jamii yake", nikianza na korosho kwa sababu ndiyo iliyoko jikoni kwetu.

"Njugu" silitumii peke yake. Mombasa mtu akisikia njugu anaona karanga. Kwingine ataona njugu mawe, na wengine hulitumia kwa kila kitu kinachotafunwa na kahawa. Karanga ni kunde inayozaa ardhini, na kanuni ya Ulaya inaiweka mbali na korosho na lozi. Yupo mwenye mzio wa karanga anayekula korosho bila tabu, na kinyume chake. Ukiandika "njugu" mahali pa "Erdnüsse" umezichanganya mbili hizo, na msomaji hana njia ya kujua ulikusudia ipi. Andika karanga. Kama msomaji wako ni wa Kenya, andika njugu karanga.

Shayiri ni vivyo hivyo. Kuna "Gerste" na kuna "Hafer", nafaka mbili mbali, na zote mbili nimeziona zikiitwa shayiri. Mimi huandika shayiri kwa ile ya kwanza na "oti" kwa ya pili, ile ya uji wa kopo. "Sellerie" naiandika seleri. Neno figili watu wamelitumia kwa zaidi ya mmea mmoja, na mwenye mzio hana nafasi ya kubahatisha.

Kwenye vyakula vya baharini nataja wanyama wenyewe. "Krebstiere" ni kamba, kaa na jamaa zao. "Weichtiere" ni ngisi, pweza, chaza na kome. Neno "samaki" halifai kwa yeyote kati yao, kwa sababu samaki ana nafasi yake kwenye orodha ya 14.

Hatua ya tano: viongeza usivyovijua

Ukifika kwenye "Emulgatoren" na "Backtriebmittel" mwendo unapungua. Majina ni marefu, kamusi hazina, na hapa ndipo watafsiri huanza kuunda maneno. Kanuni yangu ni kwamba kiongeza kina vitu vitatu, na kila kimoja nakishughulikia peke yake.

Cha kwanza ni kazi yake, na hii natafsiri. Emulsifaya ni kinachoshikanisha mafuta na maji. "Backtriebmittel" ni kiumuaji, kinachofanya unga uumuke. "Verdickungsmittel" ni cha kufanya kitu kiwe kizito kama uji. Usiandike "kiongeza uzito", watu watafikiria kilo.

Cha pili ni jina la kikemia. Hili nalinakili kama lilivyo, na kama lina umbo la Kiswahili naliongeza kando. Silivunji vipande nikatafsiri kila kipande.

Cha tatu ni namba, na namba ndiyo daraja. Mfumo wa kimataifa wa namba uko chini ya Codex Alimentarius, ya FAO na WHO, na hutumia herufi INS. Ulaya hutumia E, na kwa sehemu kubwa namba ni zilezile: E 322 ya pakiti ya Ujerumani ni INS 322 ya pakiti ya India au Kenya. Kwa hiyo kiongeza chochote kigeni nakihakiki kwa namba kwenye hifadhidata ya viongeza ya Kamisheni ya Ulaya au ile ya Codex, zote ziko wazi mtandaoni. Nikishajua ni kitu gani, bado najiuliza lebo inasema kimetoka wapi.

Chukua pakiti yetu. "Lecithine (SOJA)" ni lesithini, E 322, na mabano yamesema chanzo chake ni soya. Lesithini ingeweza kutoka kwenye alizeti au yai, kwa hiyo mabano yale ni sehemu ya tafsiri na hayatupwi. Nikikuta lesithini isiyo na mabano kwenye lebo ya nje ya Ulaya, naandika "chanzo hakikutajwa" na kuishia hapo.

"Mono- und Diglyceride von Speisefettsäuren" ni E 471. Hutengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo huweza kuwa ya mmea au ya mnyama. Kwa mzio wa maziwa na karanga wa mtoto huyu haina neno la kumwonya. Lakini wanaouliza juu ya E 471 mara nyingi wanauliza kwa ajili ya dini, na kuna orodha zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikisema namba fulani "ni nguruwe". Namba peke yake haiwezi kusema hivyo, wala haiwezi kusema kinyume chake. Ninachoandika ni: "Mafuta ya asili isiyotajwa, ya mmea au ya mnyama." Anayetaka kujua zaidi amuulize mtengenezaji, ambaye anuani yake iko kwenye pakiti.

"Ammoniumhydrogencarbonat", E 503, iliwahi kumshtua mama mwingine kwa sababu alisikia amonia. Ni kiumuaji cha kale cha biskuti kavu. Kikipata joto la oveni kinageuka gesi na mvuke, na hiyo gesi ndiyo inayoumua. Niliandika hivyo kwa mstari mmoja, akatulia.

Viongeza vichache viko ndani ya ile orodha ya 14 vyenyewe. Ni salfaiti, E 220 mpaka E 228, zinazokutwa sana kwenye matunda makavu, na lazima zitajwe zikizidi miligramu 10 kwa kilo. Hizi hutajwa hata mama hakuuliza, hasa nyumba yenye mtu wa pumu.

Hatua ya sita: ile sentensi ya chini

"Kann Spuren von ERDNÜSSEN ... enthalten." Karanga hazikuwekwa kwenye biskuti, lakini zinaweza kuwa zimeingia, labda kwa mashine inayotumika kwa bidhaa nyingine. Ukiandika "ina karanga" umeongeza. Ukiandika "haina karanga, ila chembe" umepunguza, tena vibaya, kwa sababu neno chembe hutuliza moyo. Naandika: "Mtengenezaji anasema huenda karanga zimeingia, ingawa hazimo kwenye mapishi. Kiasi hakikutajwa."

Mama huyu aliniuliza swali zuri: pakiti isiyo na sentensi hiyo, je, ni salama? Hapana, haimaanishi hivyo. Kwa sheria ya Ulaya, kutaja kiambato kilichowekwa kwenye mapishi ni lazima, lakini onyo la kilichoingia kwa bahati mbaya ni hiari ya mtengenezaji. Kutokuwepo kwa onyo ni ukimya tu, na ukimya sina namna ya kuutafsiri. Neno "vegan" nalo linahusu kilichowekwa kwenye mapishi. Nimeona pakiti iliyoandikwa vegan mbele, na nyuma ikaonya juu ya maziwa.

Hatua ya saba: jibu lenyewe

Jibu langu huanza na kile mzazi alichouliza, halafu orodha nzima, kisha mapengo. Nilimwandikia hivi:

"Marahaba mdogo wangu. Nimesoma picha tatu za leo asubuhi, zote zinasomeka.

MAZIWA: yamo. Kiambato cha saba ni SÜSSMOLKENPULVER, unga wa maji ya maziwa yaliyogandishwa. Kifaransa cha pakiti kinasema hivyohivyo.

KARANGA: hazimo kwenye mapishi. Mtengenezaji anaonya kwamba huenda zimeingia. Kiasi hakikutajwa.

Orodha yote, kwa mpangilio wa pakiti: unga wa NGANO, sukari, mafuta ya mawese, HAZELNATI asilimia 8, kakao yenye mafuta kidogo, sharubati ya glukosi, unga wa maji ya MAZIWA, chumvi, emulsifaya mbili (lesithini ya SOYA, E 471, mafuta ya asili isiyotajwa), kiumuaji E 503, kionjo. Onyo: huenda zimeingia KARANGA, korosho, lozi na jamii yake, na YAI.

Nisichokijua: 'Aroma' ni kionjo, pakiti haisemi cha nini."

Hilo la kionjo sikuliandika kwa mapambo. Mtengenezaji analazimika kutaja vyakula vya mzio vilivyomo hata ndani ya kionjo, lakini zaidi ya hapo halazimiki kueleza, na mama alikuwa na haki ya kujua kwamba pale mimi sikuona kitu.

Nilihifadhi picha, nakala na tafsiri kwenye faili moja, na tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo vikiwa juu yake. Miezi michache baadaye mjomba akaleta boksi jingine, pakiti ileile ya bluu, na mama yule akaniandikia kwamba hizi ni zile za juzi, amekwisha mpa mtoto wa jirani. Nikamwomba anipigie picha ya mbele tu. Pembeni, kwa herufi ndogo ndani ya duara la njano, pameandikwa "Neue Rezeptur": mapishi mapya. Nikamwambia ailaze karatasi mezani, karibu na dirisha.